Nyongeza zimepanda, mbona pesa imeshuka? (Hotuba ya Jumamosi, kwa waliokosa)

Wengi wenu mvua ya Jumamosi iliwafungia njiani na mmenitumia meseji mkiuliza tuliongea nini pale Ngong Road, basi nimeketi nikaandika yote vile niliyasema. Picha za ukutani nimeziacha, namba zote ziko ndani ya maneno.

Ndugu zangu, dada zangu, hamjambo? Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi kila mtu ako na harusi ama mazishi ama nguo za kufua.

Nianze na swali. Hapa ndani ni nani anauza kitu cha kulipiwa kila mwezi? Inueni mikono juu. Sawa, karibu nyote. Haya, ni nani anaweza kuniambia saa hii, bila kufungua laptopu, mteja wake wa kawaida analeta shilingi ngapi kwa mwezi? Mikono imepungua. Swali la tatu: katika hizo shilingi, ngapi ni za pakeji yenyewe na ngapi ni za vitu mteja ameongeza juu? Naona mikono miwili. Hao wawili wanaweza kunisaidia kufundisha, sisi wengine tuendelee.

Nimekuja kuongea juu ya hizo shilingi za juu. Yuza wa ziada, ile tunaita kiti. Ripoti ya ziada, tawi la ziada, meseji za wateja, chochote ambacho mteja hakipati kwa pakeji ya msingi mpaka aongeze pesa. Na kipimo ambacho kila mtu anakishika kwanza ni atachi reti, yaani ukichukua wateja mia, wangapi wamechukua ile nyongeza. Kumi kati ya mia, atachi reti ni asilimia kumi. Ni kipimo rahisi, na kwa sababu ni rahisi kinatudanganya, na mimi kilinidanganya kwa miezi sita mizima, kwa hivyo wacha niwaambie vile ilikuwa.

Nilikuwa nafanya kazi kwa kampuni moja hapa mjini, jina niliache, tunauzia maduka mfumo wa kuuza na kuhesabu stoki. Hadiwea, kemisti, duka za jumla, watu kama hao. Pakeji ya msingi ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, inakuja na yuza wawili. Ukitaka kiti kingine unaongeza 500. Alafu tukatengeneza kitu kizuri sana, ripoti ya jioni. Duka ikifungwa mwenye duka anapata kwa simu yake: leo umeuza hii, keshi ni hii, M-Pesa ni hii, bidhaa hizi zinakaribia kuisha. Tukaiuza 600 kwa mwezi.

Sasa shikeni namba pamoja nami, nimezizungusha ndio zishikike, na nimechukua zile akaunti 400 tu ambazo zilikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Walioingia katikati nimewaacha nje makusudi. Kwa nini? Kwa sababu mteja mpya mara nyingi anaanza mdogo, hana kiti cha ziada, hana ripoti, na ukimchanganya na wa zamani wastani wako unashuka hata kama hakuna mtu amepunguza kitu. Utaanza kulia na kumbe biashara inakua. Kwa hivyo watu wale wale, mwanzo na mwisho, ndio tuone ni nini kimebadilika kwao.

Mwanzo ilikuwa hivi. Akaunti 400 mara 2,000 ni 800,000. Akaunti 100 walikuwa wamenunua viti vya ziada, jumla viti 240, hiyo ni 120,000. Ripoti ya jioni walikuwa nayo akaunti 40, hiyo ni 24,000. Jumla 944,000. Gawanya kwa 400 unapata 2,360 kwa kila akaunti.

Bosi akaangalia ripoti ya jioni akasema asilimia kumi ni kidogo, kitu kizuri kama hiki kinafaa kuwa kwa kila duka, shusheni bei. Tukashusha kutoka 600 mpaka 300. Tukapiga simu, tukatuma meseji, vijana wa mauzo wakapewa bonasi kwa kila duka linalochukua. Na ikashika! Kila Jumatatu grafu imepanda, kumi, kumi na nane, ishirini na tano, thelathini. Tulipiga makofi ofisini. Nilipiga makofi mimi mwenyewe.

Baada ya miezi sita ripoti iko kwa akaunti 140. Hiyo ni asilimia 35 kutoka kumi. Mnaona? Asilimia 35! Alafu dada wetu wa akaunti, ambaye hakuwa amepiga makofi hata siku moja, akaleta karatasi yake. Mapato kwa kila akaunti yalikuwa 2,360. Sasa ni 2,330.

Imeshuka. Nyongeza imepanda mara tatu na nusu, na mteja analeta pesa kidogo kuliko mwanzo. Inawezekanaje?

Wengi wetu jibu la kwanza ni bei, eti tuliuza nusu bei. Hapana, ngoja. Ripoti mwanzo ilileta 24,000, sasa akaunti 140 mara 300 ni 42,000. Ripoti yenyewe iliongeza 18,000. Bei ilishuka lakini pesa ya ripoti ilipanda. Shimo liko kwingine. Shimo liko kwa viti.

Viti vilikuwa 240. Sasa ni 180. Viti 60 vimeondoka, mara 500 ni 30,000 imetoka mlangoni huku sisi tunashangilia 18,000 iliyoingia dirishani. Toa moja kwa nyingine, tumepoteza 12,000 kila mwezi, gawanya kwa 400, hizo ndizo zile shilingi 30.

Na hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu hapa ndipo atachi reti inaficha. Tulikuwa tunaangalia atachi reti ya viti pia, si ati tuliisahau. Mwanzo akaunti 100 kati ya 400 walikuwa na viti vya ziada, asilimia 25. Mwisho ni akaunti 90, asilimia 22 na nusu. Imeshuka kidogo tu, hakuna mtu angeshtuka. Lakini atachi reti inauliza swali moja: uko nacho ama huna? Haiulizi uko navyo vingapi. Mwanzo kila akaunti yenye viti ilikuwa na wastani wa viti 2.4. Mwisho ni viti 2. Mtu alikuwa na viti vinne akabaki na vitatu, kwa atachi reti bado ni mteja mmoja mwenye viti, tiki yake iko pale pale, na 500 yako imeenda.

Ripoti ni kitu cha ndio ama hapana, huwezi kununua ripoti mbili za jioni. Kiti ni kitu cha idadi, kinapanda na kushuka na watu wa duka. Kwa kitu cha ndio ama hapana atachi reti inatosha kukuambia habari. Kwa kitu cha idadi ni nusu ya habari, nusu ile nyingine ni vingapi kwa kila aliye navyo. Hesabu nzima inaandikwa hivi, na ni hesabu ya kuandika nyuma ya risiti:

```
mapato kwa akaunti = 2000 + (25%   × 2.4 × 500) + (10% × 600) = 2360
mapato kwa akaunti = 2000 + (22.5% × 2   × 500) + (35% × 300) = 2330
```

Mstari wa juu ni mwanzo, wa chini ni mwisho. Viti vilikuwa vinaleta 300 kwa kila akaunti, vikaleta 225. Ripoti ilikuwa inaleta 60, ikaleta 105. Ukiiandika hivi huwezi kudanganywa na grafu moja, kwa sababu kila nyongeza inaonekana imebeba shilingi ngapi na iliyopungua inaonekana pia.

Sawa, tumejua viti vimeondoka. Lakini vimeondokea nini? Hiyo haiko kwa karatasi. Nikachukua orodha ya akaunti zilizopunguza viti, nikaanza kuzunguka.

Ya kwanza ilikuwa hadiwea moja Kariobangi, mzee anauza mabati, misumari, rangi, amekuwa na sisi tangu mwanzo. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akanipa kiti cha plastiki nikakaa. Nikamuuliza, mzee, mbona umetoa yuza mmoja, kuna mfanyakazi ameenda? Akacheka. Akaniambia, kijana wangu, hiyo yuza ilikuwa yangu mimi. Nilikuwa naingia usiku nikiwa nyumbani naangalia leo tumeuza ngapi, basi. Sasa mmenitumia kwa simu kila jioni na hata sihitaji kuingia. Ile ilikuwa mia tano, hii ni mia tatu, ningekaa na zote mbili za nini?

Mnaona huyo mzee? Hajakosea hata kidogo. Alikuwa ananunua kiti kwa sababu moja, kuangalia mauzo ya jioni, na sisi tukamtengenezea kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi kwa bei ya chini, alafu tukampigia simu kumsihi akichukue. Nyongeza moja ilikuwa inakula nyingine. Nilienda maduka mengine kumi na moja wiki hiyo, Kamukunji, Eastleigh, Ruiru, na saba kati yao hadithi ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mahali pengine yule yuza alikuwa bibi ya mwenye duka, ama ndugu yake ako Qatar anaangalia duka kutoka huko.

Ungejuaje mapema? Kwa kuangalia kile kiti kinafanya nini. Tungefungua rekodi tungeona viti vingi sana vya ziada havijawahi kuuza hata msumari mmoja, vinaingia mara moja kwa siku, saa mbili usiku, vinafungua ukurasa mmoja wa mauzo, vinatoka. Hicho ni kiti cha kuangalia. Ukiona hivyo ujue siku utakayouza ripoti, kiti hicho kiko njiani kuondoka. Na bei ya ripoti lazima uipange ukijua hivyo: kwa mteja asiye na kiti cha kuangalia, 300 yote ni pesa mpya. Kwa mteja aliye nacho, 300 ni kushuka kwa 200. Ni bei ile ile lakini kwa mfuko wako ni vitu viwili tofauti.

Kabla sijaacha hiyo ripoti kuna kitu kimoja kidogo lakini kwa sisi wa hapa ni kikubwa. Nimewaambia 140, asilimia 35. Kwa grafu ya ofisi haikuwa 140, ilikuwa 160, asilimia 40. Hao 20 walikuwa wapi? Wateja wetu hawalipi na kadi inayokatwa yenyewe. Ankara inaenda, mtu anafungua M-Pesa, anaingia Paybill, anaandika namba ya akaunti, anaandika pesa. Na mtu amezoea kuandika 2,000. Ameandika 2,000 miaka miwili. Kijana wa mauzo amempigia, amesema sawa niwekee hiyo ripoti, tiki imewekwa kwa mfumo, ankara inasema 2,300, yeye anaandika 2,000 kama kawaida na mfumo wetu ulikuwa unamwachilia aendelee kwa sababu amelipa sehemu kubwa. Mwezi wa pili vile vile. Kwa grafu huyo ameatachi. Kwa benki hayuko.

Kwa hivyo kwa wale ambao wateja wenu wanalipa kwa simu kila mwezi, hesabuni nyongeza kutoka kwa pesa iliyoingia. Msihesabu kutoka kwa tiki. Na bonasi ya mauzo ilipwe mwezi wa pili baada ya nyongeza kulipiwa, si siku ya tiki. Sisi tulipobadilisha hiyo, tiki za bure ziliisha karibu mara moja, hakuna mtu alifokewa.

Haya, twende jambo la pili. Mia ile unagawanya, ni mia ya nani?

Kuna wakati baadaye nilikuwa nasaidia watu fulani wanaouzia shule mfumo wa karo na matokeo. Walikuwa na shule 120. Na walikuwa na nyongeza ya basi, mzazi anajua gari imetoka shule, imefika steji gani, nani amepanda. Shule 18 walikuwa wamenunua. Mkubwa wao akagawanya 18 kwa 120 akapata asilimia 15, akasema hii imekataa, aidha tuisukume kwa nguvu ama tuiue. Wakachagua kusukuma. Vijana watatu wa mauzo, muhula mzima, wanazunguka Kasarani, Umoja, Utawala, wanauza nyongeza ya basi.

Nikauliza swali ambalo naona aibu kwa niaba yetu sote kwamba halikuwa limeulizwa. Shule ngapi ziko na basi?

Kimya. Hakuna aliyejua, haikuwa imewahi kuandikwa mahali. Tukakaa siku mbili tukapiga simu shule zote. Shule zenye basi zilikuwa 30. Sasa gawanyeni upya. Kumi na nane kwa thelathini ni asilimia 60. Nyongeza ambayo mkubwa alitaka kuiua ndiyo ilikuwa inapendwa kuliko zote walizokuwa nazo! Na kilichobaki cha kuuza hakikuwa shule 102, kilikuwa shule 12. Vijana watatu, muhula mzima, kwa shule 12, na kati ya hizo 12 tano zilikuwa zimekodi gari ya mtu mwingine na mwenye gari hataki kufuatwa.

Basi kabla ya kugawanya, uliza ni nani anaweza kuitumia hii kitu hata kama angepewa bure. Huyo ndiye wa kuhesabiwa chini ya mstari wa kugawanya. Lakini pia msiende mbali sana upande ule mwingine, maana nimeona watu wanachonga ile namba ya chini mpaka atachi reti inakuwa asilimia 90 na wanafurahi peke yao. Kwa mapato kwa kila akaunti unarudi kwa wateja wote, kwa sababu kodi ya ofisi na mishahara zinalipwa na wateja wote. Atachi reti ya wanaoweza inakuambia nyongeza ni nzuri ama mbaya. Mapato kwa akaunti zote yanakuambia inakusaidia kiasi gani. Nyongeza ya basi ilikuwa nzuri sana na dari yake ilikuwa chini sana, mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hawa jamaa walichohitaji ni kuuza kitu ambacho shule zile zingine 90 zinaweza kutumia.

Jambo la mwisho, na hili ndilo ninalolipenda. Viti tena. Mbona watu hawanunui viti hata wakivihitaji?

Mnajua jibu. Paswodi moja, watu watano.

Na hatuko peke yetu. Netflix walisema mwaka 2022 kwamba zaidi ya nyumba milioni 100 zinatazama kwa akaunti ya mtu mwingine. Machi 2022 wakaanza kujaribu kuuza kiti cha ziada huko Chile, Costa Rica na Peru, na Mei 2023 wakaenda Marekani, mtu wa ziada dola 7.99 kwa mwezi. Lakini angalieni kitu hapa. Wakati huo huo pakeji yao ya bei ya chini Marekani, ile yenye matangazo, ilikuwa dola 6.99. Kiti cha ziada kilikuwa ghali kuliko kufungua akaunti yako mwenyewe! Kwao hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu kwa ile ya matangazo wanapata pesa ya matangazo juu yake. Kwa wewe ambaye huna matangazo, ukipanga bei hivyo mteja atafungua akaunti ndogo ya pili, wewe utaona akaunti zimeongezeka na mapato kwa kila akaunti yameshuka, na hutajua kama ufurahi ama ulie.

Turudi kwa yale maduka yetu 400. Tulichora kitu rahisi sana, akaunti ngapi ziko na yuza mmoja, ngapi wawili, watatu, wanne. Duka za kawaida zinatofautiana, kwa hivyo ungetarajia mteremko wa polepole. Hatukuona mteremko. Tuliona ukuta. Akaunti zimejaa kwa wawili kabisa, alafu kwa watatu zinaanguka ghafla. Wawili ndio tulikuwa tunapeana na pakeji. Ukiona watu wamejaa pale pale mpaka wako unapoishia, hao si watu wawili, hao ni watu wanaogawana.

Tukaenda kwa kemisti moja Githurai tukaangalia rekodi na mama mwenyewe. Yuza mmoja, jina la keshia, ameuza kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, siku 31, bila kupumzika hata Jumapili. Mama akacheka, akasema hao ni wasichana wanne na kijana mmoja. Nikamuuliza mbona usiwape kila mtu yake? Akanijibu kitu ambacho sijasahau: mia tano kwa mtu wa kukaa kwa kaunta masaa sita ni pesa nyingi, hiyo mtu haangalii ripoti, hafanyi oda, anauza dawa tu.

Alikuwa na haki. Tulikuwa tunauza kiti kimoja kwa kazi mbili. Kuna mtu wa ofisi, anabadilisha bei, anapokea stoki, anaona faida. Kuna keshia, anauza na kutoa risiti. Tulimwambia mwenye duka alipe sawa kwa wote wawili, na yeye akatujibu kwa kugawana paswodi.

Kulikuwa na wenzetu walitaka tufunge, ukiingia simu mbili kwa wakati mmoja ya kwanza inatupwa nje. Nilipinga na bado napinga. Utamtupa keshia nje kuna foleni ya watu kumi na mteja amesimama na mtoto mgonjwa, mama atakuchukia na ako na haki. Tulichofanya ni hiki. Kiti cha keshia, 250, unaingia na pini ya namba nne kwa simu ama kompyuta ile ile ya kaunta, inachukua sekunde mbili. Na ukibadilisha shifti mfumo unahesabu kaunta ya kila mtu peke yake, keshi ngapi, M-Pesa ngapi, imepungua ngapi.

Hapo ndipo iliuza. Si bei. Bei ilifungua mlango tu. Kilichouza ni ule ugomvi wa jioni, pesa imepungua 1,800 na watu watano wote wanasema si mimi, mwenye duka anakata kila mtu mshahara na watu wazuri wanaondoka. Kwa paswodi moja huwezi kujua. Kwa pini unajua. Mama wa Githurai alichukua viti vitano siku hiyo hiyo, wale wasichana ndio walikuwa wa kwanza kuitaka, kwa sababu walikuwa wamechoka kulipia pesa ambayo hawakuichukua.

Kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na maana: waliokuwa wanalipa 500 watashuka kwa 250. Ndio, walishuka. Viti 180 vya 500 vikawa 150, vile 30 vikahamia kwa keshia. Lakini viti vya keshia baada ya miezi mitano vilikuwa 264. Fanyeni hesabu. Viti vya ofisi 75,000. Viti vya keshia 66,000. Ripoti ilibaki 300, wakabaki 130, wale kumi walioacha hawakuwa wakiifungua. Hiyo ni 39,000. Pamoja na ile 800,000 ya msingi inakuwa 980,000, kwa akaunti 400 ni 2,450. Tumetoka 2,330.

Na ule ukuta? Tulichora tena. Bado kuna akaunti nyingi kwa wawili, lakini sasa kuna mteremko, watatu wapo, wanne wapo, saba wapo. Na viti vya keshia vinapanda Novemba na Disemba duka zikiajiri watu wa sikukuu, alafu Januari vinashuka. Mara ya kwanza vilivyoshuka ofisi iliingiwa na wasiwasi, nikawaambia tulieni, linganisheni Januari na Januari, hicho kiti kinafuata mtu wa kaunta na mtu wa kaunta ameenda nyumbani.

Yule mzee wa Kariobangi mnataka kujua? Ako na yuza wake wawili na ripoti ya jioni, 2,300 kwa mwezi, kaunta yake inakaliwa na kijana wake peke yake. Sijampigia kumuuzia kiti cha keshia, kwa orodha yetu hayuko chini ya mstari.

Asanteni sana. Leteni maswali.